Matunzo ya watoto baba anapochuma kwa msimu

*Assalaam aleikum, wakili. Mimi na mume wangu tumeachana, talaka imepita kwa Kadhi. Nakaa Kisauni na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 5. Yeye hununua samaki kwa wavuvi akauzia mahoteli. Nikimdai pesa za watoto husema biashara yake ni bahari, leo ipo kesho haipo, na karatasi ya mshahara hana. Mahakama itajuaje anapata kiasi gani? Na ikishaamua, nani atamlazimisha alipe ilhali hana mwajiri wa kumkata?*

Wa aleikum salaam, dada. Nianze na talaka, kwa sababu wengi huchanganya hapa. Nafaka ya eda, yaani pesa za kukutunza wewe ndani ya kipindi cha eda, ni haki yako na ina mwisho wake, lakini matunzo ya watoto ni haki yao na hayahusiani na jinsi mlivyoachana. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na madai yenyewe hupelekwa Mahakama ya Watoto, ambayo kwa hapa kwetu iko Tononoka, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022.

Kenya hatuna jedwali linalosema kwamba mwenye watoto wawili atoe asilimia fulani ya mapato yake. Hakimu hutazama mahitaji ya watoto kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mapato, mali na uwezo wa kuchuma wa kila mzazi. Maneno hayo, uwezo wa kuchuma, ndiyo yanayokusaidia zaidi katika kesi ya namna yako, kwa kuwa mahakama hailazimiki kuishia kwenye kile anachosema amekipata mwezi huu. Inaruhusiwa kuuliza mtu mwenye biashara hii, wateja hawa na vifaa hivi anaweza kupata kiasi gani kwa mwaka mzima.

Kila mmoja wenu atatakiwa kuweka mahakamani hati ya kiapo ya uwezo wa kifedha, ambamo huorodhesha mapato, mali, madeni na matumizi. Usishangae hati yake ikisema anapata shilingi 15,000 kwa mwezi. Nimesoma hati nyingi za wafanyabiashara, na hilo tarakimu la 15,000 hulikuta mara nyingi kiasi kwamba ningedhani wameambizana. Hapo ndipo kazi huanza. Kanuni ya jumla ni kwamba anayedai ndiye anayethibitisha, lakini kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba jambo lililo katika ujuzi wa upande mmoja pekee, mzigo wa kulithibitisha ni wa upande huo. Faida ya biashara yake anaijua yeye. Kwa hiyo wewe ukishaonyesha kwamba biashara ipo na inatembea, wakili wako ataiomba mahakama imwamuru alete stetimenti za miezi 12 za laini yake ya M-Pesa, za namba yake ya Lipa na M-Pesa, na za akaunti zake za benki na za chama cha akiba. Asipozileta, hakimu anaweza kuchukulia kwamba kilichofichwa kingemuumiza aliyekificha.

Naomba miezi 12 kwa makusudi. Mfanyabiashara wa samaki akiachiwa achague miezi mitatu ya kuonyesha, atachagua Juni, Julai na Agosti, wakati kusi imechafua bahari na mashua nyingi zimefungwa ufukweni. Nawe ukiachiwa ungechagua Desemba hadi Februari, kaskazi imetulia na mahoteli yamejaa wageni. Picha zote mbili ni za kweli na zote mbili zinapotosha. Mwaka mzima hubeba misimu yote miwili, na wastani wake hauwezi kubishaniwa kirahisi.

Kabla ya stetimenti zake kufika, kuna ushahidi ulio mkononi mwako tayari. Wa kwanza ni stetimenti yako mwenyewe ya M-Pesa, ambayo unaweza kuiomba kwa kupiga *334#. Humo mna kila shilingi aliyokutumia mlipokuwa pamoja, na mtu aliyekuwa akituma 20,000 kila mwezi kwa miaka miwili ana kazi kubwa ya kueleza kwa nini uwezo wake umeshuka ghafla wiki ile ile aliyopata hati ya kuitwa mahakamani. Wa pili ni namba yake ya biashara. Mtume jamaa anunue kilo moja ya samaki kibandani kwake, alipe kwa namba iliyobandikwa ukutani, na ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, kwa sababu ujumbe huo hutaja jina la aliyepokea. Afanye hivyo sasa, na arudie baada ya kesi kufunguliwa. Katika kesi moja niliyoishughulikia, bango la namba ukutani lilibadilishwa siku chache baada ya hati kupokelewa, na jina jipya lilikuwa la dada yake mdaiwa. Jumbe mbili za kilo mbili za samaki changu zilieleza kisa chote kuliko shahidi yeyote ambaye ningemwita. Wa tatu ni pikipiki au gari la kubebea mzigo. Ukiwa na namba ya usajili unaweza kulipa ada ndogo kwenye eCitizen ukapata rekodi ya NTSA inayoonyesha mmiliki.

Picha za simu na mazungumzo ya WhatsApp zinapokelewa mahakamani, ila ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kikieleza ni kifaa gani kilichotumika na nani alitoa nakala. Watu wengi huja na picha zilizochapishwa bila cheti, na wakili wa upande wa pili huzipinga papo hapo. Na usiingie kwenye simu yake kwa nywila unayoikumbuka. Kitakachopatikana humo kinaweza kukuletea kesi yako mwenyewe.

Sasa tuihesabu kesi moja, tarakimu zikiwa za mfano. Tuseme stetimenti za miezi 12 za namba yake ya biashara zinaonyesha shilingi 2,880,000 zilizoingia. Hiyo si faida, wala si yote ni mauzo, na hapa akina mama wengi hujiharibia kwa kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba mwanamume anapata 240,000 kwa mwezi. Pitia mstari kwa mstari utoe pesa alizojitumia kutoka laini yake mwenyewe, mikopo ya Fuliza na M-Shwari, na miamala iliyorudishwa, kwa sababu pesa ya mkopo si mapato na pesa iliyohamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine huhesabika mara mbili. Tuseme hizo ni 240,000, basi mauzo halisi yanabaki 2,640,000. Toa gharama za kweli za biashara: samaki walionunuliwa kwa wavuvi 1,720,000, barafu, umeme wa friza na usafiri 284,000, na kodi ya kibanda 60,000. Jumla ya gharama ni 2,064,000. Kinachobaki ni 576,000 kwa mwaka, sawa na 48,000 kwa mwezi.

Hapo kwenye gharama ndipo mvutano mkubwa hutokea. Wavuvi hulipwa taslimu ufukweni, hakuna risiti, na yeye atasema alinunua samaki wa zaidi ya hiyo 1,720,000. Njia ya kupima ni kutazama pesa alizotoa kwa wakala asubuhi za kununua samaki, na kuuliza bei ya kilo ufukweni ikilinganishwa na ile ambayo hoteli hulipa. Mvuvi mmoja na mnunuzi mmoja wa hoteli wakieleza bei hizo mbili chini ya kiapo, pengo la faida huonekana bila daftari lolote. Tazama pia gharama za nyumbani zilizovaa kanzu ya biashara, kama vile petroli ya pikipiki anayotembelea jioni, vocha za simu, au mshahara wa ndugu ambaye hayupo kibandani.

Kipimo cha pili ni maisha anayoishi. Ikiwa hati yake ya kiapo inasema 15,000 lakini analipa kodi ya nyumba 8,000 na mkopo wa pikipiki 9,500 kila mwezi bila kuchelewa, basi ametumia 17,500 kabla hajanunua hata unga. Mahakama haihitaji kujua pesa nyingine imetoka wapi ili iamini kwamba 15,000 si kweli.

Upande wa watoto nao huhesabiwa kwa makini. Andika kinachowahusu wao tu. Kodi yako ya nyumba ni 9,000 na mko watatu, basi sehemu ya watoto ni 6,000. Chakula chao 12,000, usafiri wa shule 3,000, mavazi na mengineyo 2,000, matibabu madogo 1,000. Karo ya wote wawili ni 18,000 kwa muhula, yaani 54,000 kwa mwaka, na ukigawa kwa miezi 12 unapata 4,500. Jumla ni 28,500 kwa mwezi. Ambatisha mkataba wa nyumba, barua ya karo kutoka shuleni, na vyeti vya kuzaliwa. Ukiweka saluni yako humo ndani, hata kama ni 500, hakimu ataanza kutilia shaka mistari mingine yote.

Nawe una kipato, na sheria inakuhesabu. Tuseme mahamri na viazi karai unavyouza asubuhi vinakupa faida ya 16,000 kwa mwezi. Wazazi wawili kwa pamoja mna 64,000, na yeye ana robo tatu yake. Robo tatu ya 28,500 ni 21,375, na yako ni 7,125. Narudia kwamba hii si fomula ya sheria. Hakimu anaweza kumwongezea sehemu kwa sababu wewe ndiye unayeamka usiku mtoto akiwa na homa, au kumpunguzia kwa sababu ana watoto wengine. Lakini hoja iliyo na hesabu nyuma yake humpa hakimu mahali pa kuanzia, na mara nyingi amri hutua karibu na hapo.

Swali linalofuata ni amri hiyo iandikwe vipi, na kwa maoni yangu hapa ndipo kesi za watu waliojiajiri hushindwa au kufaulu. Mawakili wengine huomba asilimia ya mapato ya kila mwezi. Inaonekana ya haki, lakini mimi siipendi hata kidogo, kwa kuwa kila mwezi mtagombana upya juu ya mapato yalikuwa kiasi gani, na huwezi kutekeleza amri ambayo kiasi chake hakijulikani. Kiwango kimoja cha mwaka mzima nacho kina tatizo lake. Tuseme karo ametengewa yeye ailipe moja kwa moja shuleni, basi kinachobaki ni 16,875 kwa mwezi. Katika mfano wetu yeye hupata kama 31,200 kwa mwezi wakati wa miezi mitano ya kusi, na kama 60,000 katika miezi saba mingine. Kiwango kimoja kitambana Julai, ataanza kulimbikiza deni, na mtu aliyezoea deni la miezi mitatu hukata tamaa ya kulilipa.

Ninachoomba mimi ni viwango viwili vilivyofungwa kwenye kalenda: 12,000 kila mwezi kuanzia Mei hadi Septemba, na 20,400 kila mwezi kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kwa mwaka hiyo ni 202,800, karibu sawasawa na kiwango kimoja cha 16,875. Mahakama haihitaji kumuuliza mtu bahari ilikuwaje, kwa sababu tarehe ndiyo inayoamua. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba wako hajui kusi wala kaskazi, kwa hiyo ni lazima uweke akiba kidogo ya miezi mizuri. Karo nayo ina mtego wake. Muhula wa tatu huanza mwishoni mwa Agosti, katikati ya ukame wake, basi amri iseme kwamba karo ya muhula huo alipe shuleni kwa mafungu kuanzia Machi, kabla ya pesa za kaskazi kutawanyika.

Amri itaje pia tarehe ya mwisho ya kulipa, tuseme tarehe 5, na namba moja ya simu ambako pesa zitaingia. Iseme wazi kwamba vyakula na zawadi havihesabiwi. Huenda ukaona hili ni dogo, lakini nimekaa Tononoka asubuhi nzima nikisikiliza ubishi wa kama ndoo ya dagaa iliyoletwa mlangoni Ijumaa fulani ilikuwa matunzo au ilikuwa hisani. Pesa ikipita kwenye namba moja, stetimenti yako ndiyo daftari la mahakama.

Kesi ikichukua muda, omba amri ya muda mara tu unapoifungua, ili watoto wale huku mashahidi wakisikilizwa. Na mkiweza kukubaliana mbele ya afisa wa watoto au msuluhishi wa mahakama, hakikisheni makubaliano yanawekwa mahakamani yakawa amri. Karatasi iliyosainiwa ofisini pekee itakurudisha mwanzo wa safari siku atakayoacha kulipa. Usijibu kutolipa kwake kwa kumzuia kuwaona watoto. Hayo ni mambo mawili tofauti mbele ya hakimu, na utamkabidhi silaha bure.

Sasa tuseme amri imetoka, na katika miezi mitano ya kusi ametuma 6,000 badala ya 12,000. Deni ni 30,000. Tengeneza jedwali la mistari mitano lenye mwezi, kilichotakiwa, kilicholipwa na kilichobaki, uambatishe stetimenti, na uombe utekelezaji. Mahakama inaweza kumtaka afike ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua. Wengi hulipa asubuhi ile ile ya kufika.

Asipolipa, njia ninayoipenda kwa mtu wa biashara ya namna hii ni kufuata pesa ambazo wengine wanadaiwa naye. Mahoteli hayalipi samaki siku hiyo hiyo, hulipa baada ya wiki kadhaa kwa ankara. Agizo la 23 la Kanuni za Mwenendo wa Madai linaruhusu mahakama kumwamuru anayedaiwa na mdaiwa wako akulipe wewe. Kama hoteli moja inadaiwa naye 85,000, mahakama inaweza kuizuia kwanza sehemu inayotosha deni lako la 30,000 na gharama, halafu, hoteli ikikubali kwamba inadaiwa, kuiamuru ilipe. Njia hiyo hiyo hutumika kwa pesa iliyo benki. Kwa namna fulani umempata yule mwajiri uliyesema hayupo, na kuna faida nyingine ambayo haijaandikwa kwenye kanuni: mfanyabiashara hapendi mteja wake mkubwa apokee karatasi ya mahakama kuhusu watoto wake. Kasoro yake ni kwamba ni lazima ujue ni hoteli gani na ankara bado haijalipwa, kwa hiyo yale majina kwenye stetimenti yake usiyatupe kesi ikiisha.

Kukamata mali kupitia dalali wa mahakama kunawezekana, lakini fikiri kabla. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinalinda vifaa ambavyo mtu anavihitaji kwa kazi yake, na wakili wake atakitaja mara tu friza itakapoguswa. Hata kama ungeshinda ubishi huo, friza iliyouzwa mnadani haitapoza samaki wa mwezi ujao. Televisheni na makochi, au pikipiki ya pili, ni shabaha bora zaidi.

Jela ya madai ipo, na kifungo chake kinaweza kufika miezi sita, lakini mahakama haimfungi mtu kwa umaskini. Ni lazima uonyeshe kwamba ana uwezo wa kulipa, au alikuwa nao akakataa au akazificha pesa. Hesabu ya stetimenti inayoonyesha 60,000 za faida mwezi ule ule aliokutumia 3,000 ni ushahidi wa namna hiyo. Kutoka jela hakufuti deni, ila wakati yuko ndani hachumi, na kwa hiyo mimi huiomba mwisho kabisa.

Naye ana njia yake ya halali. Biashara ikivunjika kweli, mashua ikazama au hoteli kubwa ikafungwa, anaweza kuiomba mahakama ibadilishe kiwango, kama nawe unavyoweza kuomba kiongezwe mtoto wa pili atakapopanda darasa. Mpaka amri mpya itoke, ile ya zamani inaendelea kuhesabu kila tarehe 5, hata kama amekupigia simu akaapa kwamba kusi ya mwaka huu haijapata kuonekana. Mwambie kwa upole apeleke maneno hayo Tononoka, nawe uongeze mstari kwenye jedwali lako.